Ziara ya Faza na ripoti ya fedha: jinsi ya kukagua uangalizi wa washirika wa ruzuku

Huku Lamu shirika linalopata ruzuku mara nyingi halifanyi kazi yote lenyewe. Ofisi iko Amu au Mokowe, kazi iko Faza, Kiunga, Ndau au Witu, na wanaoifanya ni kikundi au shirika dogo la huko huko. Fedha hupelekwa kwa mshirika kwa awamu, mshirika huleta ripoti ya fedha kila robo mwaka, na maafisa wa shirika lenye ruzuku humtembelea kuona kazi. Lakini mkataba na mfadhili ulitiwa sahihi na shirika moja tu. Shilingi ikipotea Faza, atakayeulizwa yuko Amu.

Mwongozo huu ni wa mkaguzi wa ndani aliyepewa kazi ya kukagua uangalizi huo. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa katika mashirika ya hapa pwani, na nimefikia kuamini jambo moja: mara nyingi habari ya tatizo huwa imeshaingia ofisini. Afisa wa mradi aliiona kwa macho akaiandika kwenye ripoti ya ziara, mhasibu akapokea tarakimu zinazopingana nayo, na karatasi hizo mbili hazikuwahi kulala kwenye meza moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya kuzikutanisha.

Kwanza, jua unayemkagua

Ukishakabidhiwa kazi, mwili wote hutaka kupanda boti kwenda kufungua mafaili ya mshirika. Ngoja. Unayemkagua ni shirika lako mwenyewe: idara ya miradi inayofanya ziara, idara ya fedha inayopitia ripoti, na mkurugenzi anayeidhinisha awamu inayofuata. Mshirika utamfikia mwishoni, na utamfikia ili kupima kama uangalizi wenu ungeweza kuona unachokiona wewe. Mkaguzi asiyeshika tofauti hii hurudi na orodha ya makosa ya mshirika, akampa mkurugenzi mtu wa kulaumiwa, na mlango uliovuja ofisini ukabaki wazi.

Kabla ya kuanza, soma mikataba miwili. Wa mfadhili na shirika utakwambia uangalizi unaotakiwa: ziara ngapi, ripoti lini, nyaraka zihifadhiwe miaka mingapi. Wa shirika na mshirika utakwambia kama masharti hayo yalishushwa kwake, na kama kuna kifungu kinachowapa nyinyi na wakaguzi wenu haki ya kuona vitabu vyake. Nimewahi kukuta mkataba wa mshirika wa kurasa mbili, usio na kifungu hicho. Hapo tayari una hoja ya kwanza ya ukaguzi, na hujatoka kwenye kiti.

Jiulize pia kuhusu nafsi yako. Ukiwa ulikuwa mhasibu aliyepitia ripoti hizi ndani ya miezi 12 iliyopita, kazi hii apewe mwingine. Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi wa Ndani, vilivyoanza kutumika tarehe 9 Januari 2025, vinaliona hilo kuwa doa kwenye kutopendelea kwa mkaguzi, na busara ya kawaida inaliona hivyo pia.

Pili, jitengenezee orodha yako ya washirika

Usipokee orodha kutoka idara ya miradi ukaanza nayo. Ipokee, lakini tengeneza yako kutoka kwenye leja. Chapisha malipo yote ya kipindi unachokikagua yaliyokwenda kwa mashirika na vikundi, kisha uyalinganishe na orodha waliyokupa na mikataba iliyomo kwenye kabati.

Katika kazi nitakayoieleza hapa, orodha ya idara ilikuwa na washirika watano. Leja ilikuwa na sita. Wa sita ni kikundi cha vijana kilicholipwa mara mbili kusafisha ufuo, na malipo yake yaliingizwa kama huduma ya mkandarasi. Hakikuwa na mkataba wa ushirika, hakikutembelewa, hakikuleta ripoti. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi. Lakini ziara na ripoti haziwezi kumfikia mtu asiyekuwa kwenye orodha, na ukianza na orodha ya watu wengine utakagua kile walichotaka ukione.

Tatu, uliza kwa nini ziara zinakwenda zinakokwenda

Shirika lolote lenye washirika linatakiwa kuwa limempima kila mmoja kabla ya kumpa fedha: ana mhasibu au ana mweka hazina wa kujitolea? Ameshawahi kushika ruzuku? Akaunti ya benki ina watia sahihi wangapi? Anapewa kiasi gani ukilinganisha na alichozoea? Kutokana na majibu hupewa daraja la hatari, na daraja ndilo linaloamua atembelewe mara ngapi.

Chora jedwali dogo kwa mkono. Upande mmoja majina ya washirika, kisha daraja la hatari, kiasi alichopewa, idadi ya ziara mwaka huo. Huku kwetu jedwali hilo hutoa sura ambayo sijaikosa hata mara moja. Mshirika wa Hindi, unayemfikia kwa barabara ukishavuka Mokowe, ana ziara nne. Mshirika wa mjini Amu ana tano. Wa Faza ana moja, wa Kiunga hana. Na daraja la hatari la Faza na Kiunga ndilo lililo juu.

Ukiuliza utaambiwa bahari. Ni kweli, kusi likishika katikati ya mwaka safari ya boti kwenda Kiunga si jambo la kumlazimisha mtu, na usiandike hoja ya ukaguzi inayomtaka afisa ahatarishe roho yake. Swali lako liwe lingine: kusi linajulikana tangu enzi za mababu, je, mpango wa ziara ulipangwa ukilizingatia? Ziara ya Kiunga ingewekwa miezi bahari imetulia, na miezi ya kusi ikafidiwa kwa mapitio mazito zaidi ya nyaraka. Angalia bajeti pia. Mara nyingi fedha za boti ziliwekwa kwa makisio ya nauli ya matatu ya bara, zikaisha kwa safari moja. Ziara zinazofuata urahisi wa njia badala ya hatari ni kasoro ya mpango, na mpango unatengenezwa ofisini.

Nne, pima ziara zilizofanyika

Chukua ripoti zote za ziara kama ni chache, au chagua nane hadi kumi kama ni nyingi, ukihakikisha kila mshirika wa hatari kubwa yumo. Kwa kila ripoti tafuta mambo matatu.

La kwanza ni kama safari ilikuwepo. Risiti ya boti, vocha ya masurufu, kitabu cha wageni cha mshirika, picha zenye tarehe. Sisemi watu hudanganya safari, lakini tarehe ya ripoti na tarehe ya risiti zisipokutana lazima ujue kwa nini.

La pili ni kama afisa aliangalia kitu au alikaribishwa tu. Ripoti nzuri inasema: niliomba vocha namba kadhaa, hizi nimeziona, hii haikupatikana, kwenye mafunzo niliwakuta watu kadhaa, mashine ya boti iliyonunuliwa kwa ruzuku nimeiona na namba yake ni hii. Ripoti dhaifu inasema mshirika anaendelea vizuri na jamii imefurahi. Weka ripoti mbili za afisa mmoja ubavu kwa ubavu, usome aya kwa aya. Niliwahi kukuta aya nzima ya Witu imehamia kwenye ripoti ya Faza, na sentensi inayowasifu "wakulima wa korosho" ikiwa bado imo. Mradi wa Faza ulikuwa wa mikoko.

La tatu, na hapa ndipo pa kukaa, ni kilichotokea baadaye. Ripoti ilipelekwa kwa nani? Alichotakiwa mshirika kurekebisha kiliandikwa na tarehe ya mwisho? Nani alifuatilia? Fungua barua pepe. Nimeona ripoti safi kabisa, za afisa aliyefanya kazi yake kwa moyo, zimekaa kwenye kompyuta yake bila mtu mwingine kuzisoma.

Tano, rudia mapitio ya ripoti ya fedha wewe mwenyewe

Hapa usiridhike na sahihi ya "imepitiwa". Chukua ripoti moja au mbili za fedha pamoja na viambatisho vilevile alivyokuwa navyo mhasibu, ukae uzipitie kana kwamba ni wewe uliyetakiwa kuziidhinisha. Kisha linganisha ulichokiona na alichokiuliza yeye.

Anza na salio. Salio la mwisho la robo iliyopita lazima liwe salio la mwanzo la robo hii, shilingi kwa shilingi. Fuata na benki: fedha mlizotuma zinaonekana kwenye taarifa ya benki tarehe gani, na salio la ripoti linaelezeka ukilinganisha na salio la benki? Kama mshirika analipa kwa M-Pesa, omba taarifa kamili ya laini inayolipa. Picha ya ujumbe mmoja mmoja haitoshi, kwa sababu inakuonyesha malipo aliyotaka uyaone na kuyaficha yaliyo katikati.

Halafu mishahara. Ripoti huonyesha mshahara kamili, pamoja na makato. Je, makato yalifika? Nchini Kenya PAYE, NSSF na SHIF hutakiwa kulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, ushuru wa nyumba kufikia siku ya tisa ya kazi ya mwezi huo, na ushahidi ni stakabadhi ya malipo. Nina kipimo kidogo ninachokipenda kwa robo ya Oktoba hadi Desemba 2024. SHIF ya asilimia 2.75 ilichukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba mwaka huo. Kwa hiyo ukikuta orodha ya mishahara ya Novemba bado ina safu ya NHIF na makato ya zamani, na mhasibu wenu aliipitisha bila swali, umejua kwamba macho yake hayakuingia ndani ya karatasi ile.

Angalia pia tarehe na maswali. Ripoti iliyofika asubuhi na kuidhinishwa jioni, ikiwa na viambatisho 60, haikusomwa. Na mhasibu ambaye hakumwuliza mshirika yeyote swali lolote mwaka mzima anakwambia jambo kuhusu mapitio yake, si kuhusu usafi wa washirika.

Tarehe zenyewe huzungumza kwa anayeijua pwani. Mwaka 2025 Ramadhani ilichukua karibu mwezi wote wa Machi. Ukiona ankara ya chakula cha mchana cha warsha ya Pate katikati ya Machi, simama. Usirukie hukumu: huenda kilikuwa futari na mwandishi akatumia fomu ile ile ya zamani, huenda washiriki walitoka Mpeketoni ambako wengi hawafungi. Lakini ni swali ambalo mhasibu wa hapa alitakiwa kuliuliza, na kama hakuliuliza, andika.

Sita, zikutanishe karatasi mbili

Sasa nieleze kisa chenyewe. Mshirika wa Faza alikuwa na mafunzo ya siku tatu ya kupanda na kutunza mikoko, Jumanne hadi Alhamisi, tarehe 12 hadi 14 Novemba 2024. Ripoti yake ya fedha ilionyesha washiriki 45 kila siku, nauli shilingi 500 na chakula shilingi 450 kwa kila mtu. Kwa siku ni shilingi 42,750, kwa siku tatu 128,250. Karatasi za mahudhurio zilikuwepo, majina 45, sahihi kila siku. Ankara ya mpishi ilikuwepo. Fomu ya mapitio ya mhasibu iliuliza "risiti zipo?" na "zinalingana na bajeti?", na zote mbili zilijibiwa ndiyo. Bajeti ilikuwa ya watu 45, kwa hiyo zililingana barabara. Ripoti iliingia Jumatatu tarehe 20 Januari 2025, ikaidhinishwa kesho yake, na awamu ya tatu ikatumwa tarehe 27.

Njia ya kuzikutanisha karatasi hizo ni rahisi mno. Andika tarehe za ziara zote pembeni, kisha pitia ripoti ya fedha ukitafuta gharama yoyote iliyofanyika siku ile ile, mahali pale pale. Afisa wa mradi alikuwa Faza tarehe 13 Novemba. Ripoti yake, iliyokuwa kwenye kompyuta yake tangu tarehe 25, ilisema: "Nimewakuta washiriki 28, wanawake 19 na wanaume 9." Picha aliyoambatisha ilionyesha watu wamekaa kwenye majamvi, na niliwahesabu mara tatu. Walikuwa 28.

Nilizirudia karatasi za mahudhurio kwa macho mengine. Sahihi za siku tatu za mtu mmoja zilifanana kwa wino na kwa mkao, mstari baada ya mstari, kama zilizoandikwa kwa kikao kimoja. Kwenye siku ya pili kulikuwa na alama za kidole gumba kumi na moja zilizofuatana, zote za rangi moja na zimeinama upande mmoja. Alama za dole huku si jambo geni, wazee wetu wengi hutia dole. Kumi na moja mfululizo ndilo lililonishtua.

Ingekuwa rahisi kuandika watu 17 mara shilingi 950 mara siku tatu na kuita upotevu. Usifanye hivyo. Afisa aliona siku moja tu. Ulicho nacho kwa ushahidi wa shirika lako mwenyewe ni tofauti ya watu 17 siku ya tarehe 13, yaani shilingi 16,150. Siku mbili nyingine ni shaka, na shaka huandikwa kama shaka mpaka itakapopata ushahidi wake.

Saba, sasa panda boti

Nilikwenda Faza na yule afisa wa mradi, kwa barua iliyotangulia wiki moja na kwa kifungu cha mkataba kinachoturuhusu. Kwenda na afisa kuna maana: nilitaka kumwona akifanya ziara yake, nijue huwa anaomba nini na nani anamjibu. Mtu wa kwanza tuliyekaa naye alikuwa mwenyekiti, kama adabu inavyotaka, kisha mweka hazina na vitabu vyake. Lakini jibu lililo wazi zaidi lilitoka jikoni.

Mama aliyepika nilimkuta barazani kwake anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimwuliza siku zile za mafunzo ya mikoko alipikia watu wangapi.

"Watu mie sikuwahesabu. Nilitoa sinia nane kila siku, na sinia ni watu wanne. Siku ya mwisho moja ilirudi nusu."

Sinia nane ni watu 32 kwa wingi wake. Watu 45 wangehitaji sinia kumi na moja na mtu mmoja wa ziada. Hakuna risiti inayosema hivyo, na ushahidi wa mdomo wa mtu mmoja baada ya miezi ni wa kuongezea uzito tu, hauwezi kusimama peke yake. Lakini ulikubaliana na picha, na ulitoka kwa mtu ambaye hakujua kwa nini anaulizwa. Kwa hesabu ya sinia, watu 32 kwa siku tatu ni shilingi 91,200, na tofauti na iliyodaiwa ni 37,050. Tarakimu hiyo niliiweka kwenye karatasi zangu za kazi kama makisio ya kuanzia mazungumzo, wala haikuingia kwenye ripoti kama hasara.

Mweka hazina nilimwonyesha picha na karatasi ya mahudhurio, nikanyamaza. Alizitazama kwa muda, kisha akasema ukweli. Walialika 45. Waliokuja walikuwa kati ya 28 na 32. Mwaka uliotangulia walirudisha fedha zilizobaki kwenye mafunzo, na bajeti ya mwaka uliofuata ikapunguzwa kwa kiasi hicho. Kwa hiyo safari hii katibu alijaza majina yote ya walioalikwa. Fedha zilizobaki walinunulia petroli ya boti ya kupeleka miche kwenye visiwa, kwa sababu fungu la mafuta lilikuwa limeisha. Alinitolea risiti za petroli zenye jumla ya shilingi 29,400. Kwa zilizobaki hakuwa na karatasi.

Maelezo yake hayaigeuzi orodha ya uongo kuwa ya kweli. Kujaza majina ya watu wasiokuja ni kugushi, na mfadhili atalihesabu hivyo hata kama petroli ilinunuliwa kweli. Lakini nilimwamini kuhusu chanzo, na chanzo hicho kilikuwa ofisini kwetu: tuliwafundisha wenyewe kwamba anayerudisha fedha ataadhibiwa.

Nane, andika hoja kwa mpangilio unaoelekeza mlango unaovuja

Hoja ya ukaguzi huwa na sehemu tano: hali uliyoikuta, kigezo kilichotakiwa kufuatwa, chanzo, athari na pendekezo. Sehemu inayoandikwa vibaya zaidi ni chanzo. Ukiandika "mhasibu hakuwa makini", pendekezo lako litakuwa "awe makini", na robo ijayo mtarudi pale pale.

Hoja ya Faza niliiandika takriban hivi. Hali: ripoti ya fedha yenye washiriki 45 iliidhinishwa wakati ripoti ya ziara ya siku mojawapo ya mafunzo hayo ilikuwa na washiriki 28, na awamu ya tatu ikatolewa bila tofauti kuulizwa. Kigezo: mwongozo wa shirika wa ruzuku unataka ripoti ya ziara iwasilishwe ndani ya siku saba, na awamu itolewe baada ya masuala yote ya mshirika kufungwa. Chanzo: ripoti za ziara hazina mahali pamoja pa kuwekwa, fomu ya mapitio ya fedha haimtaki mhasibu azisome, na hakuna utaratibu ulioandikwa wa mshirika kuomba kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine. Athari: shilingi 16,150 zina ushahidi wa kutokuwepo washiriki, siku mbili zilizobaki hazina uthibitisho wa kutosha, na shirika linaweza kutakiwa kuzirudisha kwa mfadhili.

Mapendekezo yalikuwa matatu, na kila moja lilikuwa na mwenye kulitekeleza na tarehe. Ripoti za ziara ziingie kwenye folda moja ya mshirika inayofunguka kwa idara zote mbili. Fomu ya mapitio iongezwe mstari: "Ziara zilizofanyika robo hii, tarehe, na gharama zilizolinganishwa nazo", mhasibu aandike kwa maneno, asiweke alama ya vema. Na mshirika apewe fomu ya ukurasa mmoja ya kuomba kuhamisha fungu, ijibiwe ndani ya siku kumi. Fomu zenyewe niliwaachia waziandike wao. Mkaguzi akibuni fomu mwenyewe, mwaka ujao atajikagua.

Rasimu ilikwenda kwanza kwa meneja wa fedha na meneja wa miradi, wakae nayo wiki moja na kuandika majibu yao. Meneja wa miradi hakukubaliana na neno moja, tukalibadilisha kwa sababu alikuwa na haki. Suala la kumwarifu mfadhili liliamuliwa na mkurugenzi na bodi, kwa kuwa mkataba ulitaka taarifa itolewe mara uongo kwenye nyaraka unapogunduliwa. Mkaguzi hushauri na kuandika tarehe aliyoshauri, lakini barua si yake.

Tisa, rudi

Ufuatiliaji usifanywe kwa kuuliza "mmetekeleza?", kwa sababu jibu ni ndiyo siku zote. Subiri robo moja ipite, kisha omba faili la ripoti ya fedha inayofuata ya mshirika yule yule na uipitie upya kama ulivyofanya mwanzo.

Nililifungua faili la Faza la robo ya Aprili hadi Juni 2025. Mstari mpya ulikuwa umejazwa kwa mkono wa mhasibu: ziara tarehe fulani, miche iliyohesabiwa na afisa, miche iliyolipiwa, tofauti ya miche 140. Chini yake kulikuwa na maswali matatu kwa mshirika na majibu mawili. La tatu, la nauli ya boti, lilikuwa halijajibiwa, na kwenye fomu ya kutoa awamu, mahali pa sahihi ya meneja wa fedha, palikuwa bado patupu.